Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hospitali: dakika 245 za kaka yangu

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali,
pamoja na wajumbe wa kamati yako ya uongozi.

YAH: KUCHELEWESHWA KWA MGONJWA WA KIHARUSI KATIKA CHUMBA CHA DHARURA

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu nyingi na heshima. Hii ni barua yangu ya tatu kwako. Ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri na kuwekwa kwenye trei. Ya pili ilijibiwa kwa mistari minne, kwamba mgonjwa "alihudumiwa kwa kuzingatia taratibu". Taratibu hizo ndizo ninazolalamikia, kwa hiyo leo naandika hadharani. Jina la hospitali sitalitaja, wala la mtumishi yeyote. Wewe unaijua barua ni yako, na hilo linanitosha.

Niseme mapema kwamba mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi chumba cha dharura miaka 14, katika hospitali nyingine. Najua zamu yenye wagonjwa wengi inavyokuwa, na najua hasira za ndugu wa mgonjwa zinavyoweza kumwangukia mtu asiye na kosa. Kwa hiyo sitaandika kwa hasira. Nitaandika kwa saa.

Saa hizo ninazo kwa sababu wifi yangu alikuwa akinitumia ujumbe kwa simu kila hatua, nami nilikuwa njiani nikija. Saa 1:05 asubuhi kaka alikuwa anafunga vifungo vya shati huku wakizungumza. Mkono wa kulia ukaanguka, akauangalia kana kwamba si wake. Alipotaka kusema, mdomo ukavutika upande mmoja na yakatoka maneno yasiyoeleweka. Saa 1:50 walikuwa mlangoni kwenu. Dakika 45 tu tangu kuanza, na yeyote aliyewahi kushughulika na kiharusi anajua hiyo ni bahati isiyopatikana kila siku.

Saa 2:40 ndipo alipoitwa na daktari wa zamu. Saa 3:15 siti skani ya kichwa ikaandikwa. Saa 4:50 ikapigwa. Saa 5:55 majibu yakafika. Tangu mlangoni hadi majibu ni dakika 245.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kaka yangu alipangwa foleni akiwa na dalili ambazo mlinzi wa getini angezitambua.

Mdomo ulikuwa umepinda, mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia pembeni ya kiti cha magurudumu, na alipoulizwa jina lake hakuweza kulitamka. Uso, mkono, maneno: ishara hizo tatu hazihitaji kipimo. Mwambie mtu atabasamu, ainue mikono yote miwili na kuishikilia juu kwa sekunde kumi, kisha arudie sentensi fupi. Ikiwa upande mmoja wa uso haufuati, mkono mmoja unashuka wenyewe, au maneno yanagongana, chukulia ni kiharusi hadi ithibitishwe vinginevyo. Zipo ishara nyingine zinazosahaulika zaidi: jicho kuona giza ghafla, kuyumba ghafla kama mlevi, au kichwa kuuma ghafla kwa ukali ambao mtu hajawahi kuuonja. Neno la kushika katika zote ni "ghafla". Mkono unaopoteza nguvu kidogo kidogo kwa miezi ni habari nyingine.

Karani wa mapokezi alimwambia wifi asubiri faili lifunguliwe. Simlaumu karani. Hakuna aliyemfundisha kwamba mgonjwa yule alipaswa kupita dirisha lake bila kusimama.

Hapa pia nikiri kosa la nyumbani. Siku tatu kabla, vidole vya mkono uleule vilikufa ganzi na ulimi ukawa mzito kwa dakika kumi hivi, kisha vikarudi sawa, na kaka akanyamaza. Hicho kilikuwa kiharusi cha kupita: mshipa huziba kidogo, kisha hufunguka wenyewe. Ni onyo, na hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi katika siku chache zinazofuata. Angesema, huenda nisingeiandika barua hii. Lakini hilo haliwaondolei ninyi yenu.

2. Hakuna aliyeandika saa ya kuanza.

Nimesoma faili. Limeandikwa: "dalili tangu asubuhi". Ndugu Mkurugenzi, asubuhi si saa. Matibabu yote ya kiharusi cha kuziba yanahesabiwa tangu dakika ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Wala si tangu alipokutwa ameanguka. Aliyelala mzima saa 4 usiku na kuamka amepooza saa 12 asubuhi, hesabu yake inaanza saa 4 usiku, isipokuwa mtu alimwona mzima baadaye. Kwa kaka yangu swali lilikuwa rahisi mno, kwa sababu mke wake alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa na jibu sahihi hadi dakika, na hakuna aliyemwuliza.

3. Alipewa kidonge cha presha kabla ya kujulikana ana kiharusi cha aina gani.

Wasomaji wengine wataisoma barua hii, basi niruhusu nieleze kwa ajili yao. Kiharusi ni cha aina mbili. Katika aina ya kwanza, iliyo nyingi zaidi, bonge la damu huziba mshipa na sehemu ya ubongo hukosa damu. Katika ya pili mshipa hupasuka na damu humwagikia ndani ya ubongo au juu yake, mara nyingi kwa sababu ya presha ya miaka mingi isiyotibiwa, au uvimbe mdogo wa ukuta wa mshipa uliokuwepo bila kujulikana. Kwa nje zinafanana. Ni kweli anayevuja damu mara nyingi huumwa kichwa sana, hutapika, husinzia mapema. Lakini wapo wanaovuja damu wakiwa macho na wanaongea, na wapo walioziba mshipa mkubwa wakatapika. Daktari bingwa akisimama kitandani bado anaweza kukosea. Kinachotenganisha ni picha.

Na kutenganisha ni lazima, kwa sababu dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake. Aliyeziba anahitaji bonge liyeyushwe. Aliyepasuka ukimpa dawa hiyohiyo unamfungulia bomba. Hata aspirini, ambayo watu huitoa kama peremende, haitakiwi kutolewa kabla ya picha.

Kwenye chumba chenu presha ya kaka ilisoma 178 kwa 100. Akawekewa kidonge cha kushusha presha chini ya ulimi. Saa 3:10 ilisoma 126 kwa 70, na wifi akaniandikia: "Sasa hata mguu hausogei." Alikuwa ameingia akiweza kuuburuta.

Mshipa unapoziba, katikati pale ubongo hufa haraka, lakini pembezoni yake hubaki eneo lililozimia bila kufa, likipata damu kidogo inayopita kwenye vijishipa vya pembeni. Kinachoisukuma damu hiyo ni presha. Mwili huipandisha presha kwa makusudi, kama mtu anayesukuma maji kupitia mpira uliobanwa. Ukiishusha ghafla, vijishipa vile vinakauka na eneo lililozimia linakufa pia. Ndiyo maana kwa aliyeziba, asiyepewa dawa ya kuyeyusha bonge, presha kwa kawaida huachwa siku ya kwanza isipovuka 220 kwa 120. Kwa anayetaka kupewa dawa hiyo inatakiwa iwe chini ya 185 kwa 110. Ya kaka tayari ilikuwa chini. Angekuwa anavuja damu, kweli ingebidi ishushwe, mapema, hadi karibu 140 ile ya juu, lakini kwa dawa ya mshipani inayoongezwa na kupunguzwa huku mashine ikipima kila dakika chache. Kidonge cha chini ya ulimi hakina breki. Katika aina zote mbili kilikuwa kosa.

Sitaapa kwamba mguu ulikufa kwa sababu ya kidonge. Bonge lenyewe lingeweza kuufikisha hapo. Ninachosema ni kwamba kilitolewa gizani.

Jambo jingine dogo lililofanyika dakika hizohizo: alipewa maji anywe, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Mgonjwa wa kiharusi hapewi kitu mdomoni, hata dawa, kabla ya kupimwa kama anaweza kumeza. Siku ya tatu alipata homa ya mapafu.

4. Picha ilisomwa vibaya, na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Wifi alipokea majibu kwa mdomo: "Picha ni safi, hana kiharusi. Huenda ni uchovu na mawazo." Nilipofika saa 6 mchana walikuwa wanamwandalia karatasi ya kwenda wodi ya kawaida.

Naandika taratibu hapa, kwa sababu najua kosa hili halifanyiki kwenu tu. Damu iliyomwagika karibuni huonekana kwenye siti skani mara moja, nyeupe, hata mwanafunzi anaiona. Ubongo uliokosa damu hauonekani upesi hivyo. Katika saa za mwanzo huwa na rangi ileile ya jirani yake, au una mabadiliko hafifu ambayo jicho lililozoea tu ndilo linaloyakamata: mpaka kati ya sehemu ya kijivu na nyeupe unafifia, mshipa mmoja unang'aa kuliko mwenzake. Giza lenyewe huja baadaye, baada ya saa nyingi au kesho yake.

Kwa hiyo picha ya mapema haipigwi ili kukiona kiharusi cha kuziba. Inapigwa ili kuhakikisha hakuna damu. Mgonjwa aliyepooza upande mmoja ghafla, hawezi kusema, sukari yake imepimwa na haiko chini, kisha picha yake ni "safi": huyo hajaponea kiharusi. Huyo ndiye hasa aliyetengenezewa dawa ya kuyeyusha bonge. Nyie mlilipokea jibu la kumfungulia mlango, mkalisoma kama la kumfungia.

(Sukari, kwa njia, haikupimwa hadi saa 5. Sukari ikishuka sana inaweza kuigiza kiharusi kwa ukamilifu, na kuigundua ni tone moja la damu ya kidole.)

Picha ya siku ya pili ilionyesha doa jeusi upande wa kushoto wa ubongo, kubwa kuliko yai. Upande huo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa. Hakuna aliyerudi kusema neno kuhusu picha ya kwanza.

5. Muda ulipotea mahali ambapo haukuhitaji fedha wala mtaalamu.

Dawa ya kuyeyusha bonge, alteplezi, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu kuanza. Mwanzoni, baada ya utafiti uliochapishwa mwaka 1995, kikomo kilikuwa saa tatu. Mwaka 2008 utafiti mwingine ukaonyesha inaweza kufika nne na nusu. Lakini kikomo hicho si kama treni, kwamba ukifika dakika ya mwisho umepanda sawa na aliyewahi. Faida inapungua kila robo saa inayopita, kwa sababu eneo lililozimia linazidi kufa. Katika kiharusi cha mshipa mkubwa kisichotibiwa, makadirio yanayotumika sana ni kwamba ubongo hupoteza wastani wa seli milioni 1.9 kila dakika.

Kikomo cha kaka kilikuwa saa 5:35. Majibu yalikuja saa 5:55. Alikosa kwa dakika 20.

Ziko wapi dakika hizo? Nimezitafuta. Dakika 50 kati ya mlango na daktari zilikuwa za faili na foleni. Dakika 95 kati ya ombi la siti skani na picha yenyewe zilikuwa kwenye benchi la korido, kwa sababu ombi lake liliwekwa chini ya rundo pamoja na maumivu ya mgongo na ya magoti. Dakika 65 picha ilikuwepo tayari kwenye kompyuta, ikisubiri zamu ya kusomwa. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache tu. Lengo linalokubalika katika hospitali zinazotibu kiharusi ni picha ndani ya dakika 25 tangu mlangoni na dawa ndani ya dakika 60. Kwa kaka hiyo ingekuwa saa 2:50. Saa 2:50 alikuwa bado anaburuta mguu.

Sasa najua mtakavyojibu, kwa sababu nimeshajibiwa baadhi ya haya kwenye korido.

Mtasema wagonjwa wenyewe huchelewa kuja. Wengi, ndiyo. Huyu alifika dakika ya 45.

Mtasema dawa ile ni ya hatari na ingeweza kummwagia damu kichwani. Ni kweli, na sipendi watu wanaoificha hatari hiyo. Katika utafiti ule wa 1995, waliopewa dawa, takribani 6 kati ya 100 walivuja damu ubongoni kwa kiasi cha kuwadhuru, ilhali wasiopewa hawakufika hata mmoja kati ya 100. Pamoja na hayo, baada ya miezi mitatu waliopewa dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi, angalau kwa theluthi moja hivi, ya kubaki bila ulemavu au na ulemavu kidogo sana, na vifo havikuongezeka. Huo ni uamuzi mzito, na familia ina haki ya kuambiwa pande zote mbili kisha iseme ndiyo au hapana. Sisi hatukuulizwa. Huenda hata angepewa asingepona. Si kila bonge linayeyuka. Lakini kushindwa baada ya kujaribu ni kitu kingine.

Mtasema dawa haikuwepo. Hili ndilo jibu nililopewa na msaidizi wako, na ndilo linalonishangaza zaidi. Kama haikuwepo, basi haraka ilihitajika maradufu, kwa sababu mgonjwa alipaswa kupelekwa kwingine kabla ya saa 5:35. Na bonge la mshipa mkubwa linaweza kuvutwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, kwa kawaida ndani ya saa sita, na kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha maalumu hadi saa 24. Hakuna aliyepiga simu kuuliza panapofanyika hivyo. Tena, si kila atakayeingia mlangoni kwenu atakuwa ameziba. Anayevuja damu hahitaji dawa ile kabisa. Anahitaji presha idhibitiwe, na kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, apewe ya kuitengua, kabla damu haijaongezeka, na huongezeka zaidi katika saa za mwanzo. Huyo naye angekaa kwenye benchi lile dakika 95.

Ninachoomba ni hiki, na sehemu kubwa yake inawezekana wiki hii:

Mtu yeyote mwenye uso uliopinda, mkono uliolegea au maneno yaliyogongana, vilivyoanza ghafla, apite moja kwa moja chumba cha dharura. Faili limfuate. Walinzi na makarani wafundishwe ishara hizo. Nusu saa inatosha, na niko tayari kuja kuifundisha mwenyewe bila malipo.

Fomu ya mapokezi iwe na kisanduku kimoja kipya: "Alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi?" Kisijazwe kwa neno "asubuhi".

Ombi la siti skani la mgonjwa wa kiharusi liwe na rangi yake, litangulie mengine yote, na daktari aisome picha mgonjwa akiwa bado mezani, kwa swali moja kwanza: kuna damu au hakuna?

Vidonge vya presha vya chini ya ulimi viondolewe kwenye trei ya dharura.

Kama dawa ya kuyeyusha bonge hamna, mseme hamna, mlangoni na kwa yeyote anayepiga simu, na kuwe na orodha ukutani ya hospitali za kupigia pamoja na mtu anayewajibika kupiga.

Mwisho, faili la kaka yangu lipitiwe na daktari asiye wa zamu ile, na familia ielezwe kwa maandishi nani alisoma picha ya kwanza na alichoandika kwa maneno yake. Tunaomba jibu ndani ya siku 14. Fidia hatujaiomba katika barua hii.

Kaka anaendelea na mazoezi. Mguu unambeba kwa fimbo. Anaelewa kila tunachosema, ila yeye ana maneno kama kumi tu, na jina la mke wake bado halimo. Vifungo vya shati anafunga kwa mkono wa kushoto, akianzia cha chini, na hataki asaidiwe.

Wako kwa heshima,

Muuguzi, na dada wa mgonjwa.
(Jina langu, namba ya faili na nakala za ujumbe wa simu zenye saa vimo katika barua zangu mbili zilizoko ofisini kwako.)